Makala yenye video imeshuka Google: transkripti ipo, muhtasari upo, shida iko wapi?

FundiSpoku

Wakuu, habari za saa hizi. Nina tovuti ndogo ya ufundi wa baiskeli. Makala yangu moja, ya breki zinazopiga kelele, ilikuwa ya maandishi matupu, na ndiyo iliyokuwa ikiniletea wageni wengi kuliko zote kutoka Google. Nikarekodi video ya dakika 6 na sekunde 40 inayoonyesha kazi nzima, nikaipandisha YouTube, kisha nikaipachika kwenye makala ileile. Maandishi ya zamani nikayafuta, niliona yanarudia yaliyomo kwenye video. Juu nikaweka muhtasari wa mistari miwili, na chini ya video kuna kitufe cha "Soma maandishi" kinacholetwa na plagini ya transkripti.

Tangu hapo makala inashuka taratibu. Haijatolewa Google, bado ipo, ila mtu akitafuta "breki za baiskeli zinapiga kelele" sionekani tena. Video yenyewe watu wanaipenda na sitaki kuiondoa. Nifanye nini ili maandishi yaendelee kunipandisha huku video ikibaki?

Kamera2

Mkuu, angalia kwanza kichwa cha video na picha ya jalada. Neno kuu liwe mwanzoni mwa kichwa, ulitamke mapema kabisa video inapoanza, na maelezo ya chini yasiwe mstari mmoja. Wengi wanakosea hapo.

FundiSpoku

Asante ndugu, ila huko YouTube sina shida, video inakwenda vizuri. Ninachouliza ni ukurasa wangu mimi.

Zuhura_K

Mimi naona unahangaika bure na hiyo transkripti. YouTube ni ya Google, na manukuu ya video yanatengenezwa hukohuko. Kila neno ulilosema wanalo, kwa hiyo ukishapachika video maneno yanahesabiwa na kwako. Halafu hata ukiweka transkripti, ukiificha nyuma ya kitufe Google haisomi. Hilo linajulikana miaka yote.

MhaririWaZamu

Dada Zuhura, nitarudi kwenye hoja zako zote mbili, maana kila moja ina kipande cha ukweli. Kwanza Fundi anisaidie kitu. Fungua ukurasa wako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone chanzo chake, halafu kwa Ctrl+F tafuta sentensi moja unayoikumbuka kutoka kwenye video. Ukimaliza, ingia Search Console ya Google, weka anwani ya ukurasa kwenye URL Inspection, fungua "View crawled page", utafute sentensi hiyohiyo humo. Nataka majibu ya sehemu zote mbili. Chanzo kinaonyesha kilichotoka kwenye seva. Hiyo ya pili inaonyesha kilichobaki mikononi mwa Google baada ya kuendesha JavaScript ya ukurasa.

FundiSpoku

Nimetafuta "usiitoe kabisa". Haipo kwenye chanzo, haipo Search Console. Mahali pa transkripti nakuta hivi tu:

```html
<button data-src="/transkripti/412.json">Soma maandishi</button>
<div id="maandishi"></div>
```

Lakini nikibonyeza kitufe maandishi yanatokea yote, hata kwenye simu.

MhaririWaZamu

Yanatokea kwa sababu umebonyeza. Roboti ya Google inaendesha JavaScript, ila haibonyezi vitufe. Plagini yako inakwenda kuchota maandishi kwenye lile faili la 412 pale tu mgeni anapogusa kitufe, kwa hiyo kwa Google ukurasa wako ni kichwa cha habari, mistari miwili, fremu ya video na kitufe ambacho hakuna aliyekigusa. Hapo kushuka si ajabu.

Sasa hoja za Zuhura. Fremu ya YouTube ni ukurasa wa YouTube uliofunguliwa dirisha ndani ya ukurasa wako. Maneno yaliyomo, yakiwamo manukuu, ni ya anwani ya YouTube. Google inaweza kuyajua vizuri sana na bado mgeni akapelekwa YouTube, si kwako. Kuna plagini nyingine zinazoonyesha transkripti ndani ya fremu ya kampuni iliyozitengeneza, nazo zina shida hiyohiyo: unayaona maandishi kwenye skrini yako lakini nyumba yake ni kwa mtu mwingine.

Kuhusu kuficha, kufichwa kuko kwa namna mbili. Maandishi ambayo tayari yamo kwenye HTML lakini yamekunjwa, Google inayasoma kama kawaida tangu ilipoanza kutazama kurasa kwa jicho la simu, maana kwenye simu kila mtu anakunja vitu. Maandishi ambayo hayapo mpaka uguse, hayo hayasomwi. Ukitaka ukurasa usiwe mrefu, tumia hii na uweke maneno yote ndani:

```html
<details>
  <summary>Maandishi kamili ya video</summary>
  <p>Maneno yote yanakaa hapa.</p>
</details>
```

Kwenye WordPress bloku hiyo inaitwa Details, imo tangu toleo la 6.3. Huhitaji plagini.

Zuhura_K

Sawa, la kukunja nimelipata. Ila mimi ningeiweka transkripti kwenye data ya VideoObject, ile inayoielezea Google video iliyomo kwenye ukurasa, pale penye `transcript`. Inakaa kwa mashine, mgeni hasumbuki.

MhaririWaZamu

Sehemu hiyo ipo kwenye msamiati wa schema.org, kweli. Ila katika maelekezo yao ya video, vitu Google inavyovitaka bila kukosa ni `name`, `thumbnailUrl` na `uploadDate`, na vingine kama `duration` na `description` wanapendekeza. `transcript` haimo. Iweke ukipenda, haina madhara, ila isichukue nafasi ya maandishi anayoweza kuyasoma mtu.

Fundi, tuendelee. Bandika hapa kipande cha transkripti yako kama ilivyo, pale penye kazi yenyewe. Nina wasiwasi kwamba hata ukiiweka kwenye HTML leo, lile neno lako bado halitarudi.

FundiSpoku

Hiki hapa, kuanzia dakika ya 2:

> haya sasa sikilizeni hii ... mmesikia eeh ... sasa hii inasababishwa na hiki hapa unaona kilivyokaa kimekaa bapa hivi ... sasa unachukua hii unailegeza kidogo usiitoe kabisa ... unaweka hiki kipande hapa nyuma unabana unakaza ... basi ... haya sikia sasa

MhaririWaZamu

Ndicho nilichokihofia. Soma tena kana kwamba hujaiona video. Hamna breki, hamna raba, hamna rimu, na kelele haijatajwa hata mara moja. Kuna "hii", "hiki", "hapa", "hivi". Mtu anayefundisha kwa mikono huongea hivyo na yuko sahihi, kamera inamalizia. Kwenye maandishi kamera haipo. Zile sauti za breki kwenye video ndiyo mada yote ya makala, lakini kwa msomaji wa maandishi hazikutokea.

Watu wengi wanabandika transkripti ghafi kisha wanalalamika kwamba transkripti hazisaidii. Ghafi haisaidii kwa sababu maneno anayoyaandika mtafutaji hayamo. Kazi kubwa ya kuihariri si kuweka koma na nukta, ni kurudisha jina la kila kitu ulichokionyesha kwa kidole. Mimi ningeandika:

> Sababu ni raba ya breki iliyokaa bapa, yaani uso wake wote unagusa rimu kwa wakati mmoja. Legeza nati ya raba kidogo, usiitoe kabisa. Weka kipande cha kadi kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, bana breki, kisha kaza nati.

SomaMidomo

Samahani kuingilia. Mimi ni kiziwi na transkripti nazitumia kweli, si kwa ajili ya Google. Hapo umeondoa "sikilizeni" na "sikia sasa" kana kwamba ni maneno ya kujazia, wakati ndiyo sehemu pekee inayonijulisha kwamba kuna kitu kinasikika. Transkripti nzuri inaandika na sauti, si maneno peke yake. Ingekuwa hivi:

> [Gurudumu linazunguka, breki inabanwa: inapiga kelele kali.] Mmesikia? Sababu ni raba ya breki iliyokaa bapa...
>
> ...kisha kaza nati. [Breki inabanwa tena: haipigi kelele.]

Na jambo la pili linaniudhi kidogo. Ukibadilisha alichosema mtu, usiiite transkripti. Mimi nikiangalia midomo inasema "hiki" na maandishi yanasema "raba ya breki", nabaki kujiuliza nimekosa nini.

MhaririWaZamu

La kwanza umenishinda, na tazama lilichofanya: lile neno alilolipoteza Fundi, "inapiga kelele", limerudi mahali pake bila kulazimishwa. Mimi ningeishia kulichomeka kwenye kichwa kidogo.

La pili napendekeza kugawa. Manukuu yanayopita chini ya video yawe neno kwa neno, yafuate midomo. Maandishi ya kwenye ukurasa yasafishwe, na juu yake paandikwe "Maandishi ya video, yamehaririwa ili yasomeke bila picha". Utakubali?

SomaMidomo

Nitavumilia. Bado naona ni maelezo, si transkripti. Lakini yakiandikwa wazi kwamba yamehaririwa, sidanganywi.

MwalimuX

Mimi nina masomo ya hesabu ya dakika 50 kila moja, nayo yote yako hivyo: "hii ikihamia huku inakuwa hasi". Transkripti ya somo moja ni kurasa na kurasa. Niketi nikazisafishe zote? Na milinganyo niiandikeje?

MhaririWaZamu

Mwalimu, wewe nisingekushauri transkripti nzima kwenye ukurasa mmoja. Dakika 50 zina maswali mengi ndani yake, na mtafutaji ana swali moja. Ningechukua kila tatizo ulilolitatua ubaoni, nikalipa ukurasa wake, video ikapachikwa ianzie hapohapo kwa `?start=1260` mwishoni mwa anwani ya fremu (hesabu ni kwa sekunde), na chini yake hatua za utatuzi zimeandikwa, milinganyo ikiwa maandishi na si picha. Transkripti ghafi ya somo zima iache kwenye manukuu. Ni kazi nyingi, sitakudanganya, kwa hiyo anza na yale matatizo ambayo watu wanayaulizia kweli.

MwalimuX

Na ule ukurasa wa somo zima niufute?

Kamera2

Usiufute, wanafunzi wanao kwenye alamisho zao. Na hapa ndipo swali langu linapoingia: hivi zile picha ndogo za video kwenye matokeo ya Google zimekwenda wapi? Zamani ukipachika video ndani ya makala, picha yake ilitokea pembeni. Siku hizi kwangu hakuna.

MhaririWaZamu

Walibadilisha mwaka 2023. Kuanzia Aprili picha ya video kwenye matokeo ya kawaida hutolewa kwa ukurasa ambao video ndiyo kitu chake kikuu, na Desemba wakafanya vivyo hivyo kwenye sehemu ya Video. Makala yenye video katikati haihesabiki. Ripoti ya video kwenye Search Console itakwambia "Video isn't on a watch page", yaani video haiko kwenye ukurasa wa kutazamia. Si kosa la kurekebisha, ni maelezo tu.

Kwa hiyo Fundi, chagua. Ukitaka maandishi yapande, muhtasari ukae juu, video ifuate, maandishi chini, na ukubali kukosa picha. Ukitaka picha, tengeneza ukurasa mwingine wa kutazamia tu, video juu kabisa na aya moja chini yake, bila kurudia maandishi yote.

Kamera2

Mimi ningefanya kurasa mbili.

MhaririWaZamu

Kwa tovuti kubwa, labda. Kwa yake naona anagawanya wageni wachache alionao. Tukubaliane kutokubaliana.

Muhtasari sasa. Fundi, uliandika nini?

FundiSpoku

"Katika video hii tunajifunza namna ya kurekebisha breki za baiskeli kwa urahisi. Tazama mpaka mwisho, kuna siri moja."

MhaririWaZamu

Hilo ni tangazo la video, si muhtasari. Muhtasari ni jibu lenyewe kwa mtu ambaye hatabonyeza. Wewe unazijua breki kuliko mimi, andika jibu kama vile mteja amesimama mlangoni na ana haraka.

FundiSpoku

Jaribio:

> Breki za rimu hupiga kelele hasa kwa sababu mbili: rimu ina uchafu au mafuta, au raba imekaa bapa. Futa rimu kwa spiriti na kitambaa safi, sugua uso wa raba kwa msasa, kisha ipange raba ili ncha yake ya mbele iguse rimu kwanza, milimita 1 hivi kabla ya ncha ya nyuma. Kelele zikibaki, raba imekuwa ngumu au imekwisha, weka mpya. Maelezo haya hayahusu breki za diski.

Ila nauliza, nikishawapa jibu juu, nani atatazama video?

MhaririWaZamu

Huo ni mzuri, na sentensi ya mwisho inawaokoa watu wa diski wasipoteze muda. Kuhusu swali lako: "milimita 1 kabla ya ncha ya nyuma" ni jibu, lakini mtu ambaye hajawahi kuifanya atataka kuona mkono unavyoifanya. Asiyetaka kutazama angeondoka hata hivyo.

Zuhura_K

Hapo sikubaliani kabisa. Kwangu watazamaji walipungua nilipoweka jibu juu. Wasomaji waliongezeka, sawa, lakini mimi nalipwa kwa video.

MhaririWaZamu

Basi kwako hesabu ni nyingine, na sina la kukushawishi. Fundi aliuliza kuhusu maandishi.

Bado kitu kimoja, Fundi. Search Console inahifadhi takwimu za miezi 16. Chuja ukurasa huu, linganisha kipindi cha kabla na baada ya kuweka video, angalia Queries. Niambie maneno gani yamepotea.

FundiSpoku

Yaliyopotea sana ni matatu: "breki za baiskeli zinapiga kelele", "breki zinalia nikifunga", na "breki mpya zinapiga kelele". Hilo la mwisho limenishangaza. Kwenye video sikuzungumzia raba mpya hata kidogo.

MhaririWaZamu

Ulizizungumzia kwenye maandishi uliyoyafuta. Transkripti, hata iwe safi namna gani, haiwezi kubeba ambalo halikusemwa. Nenda kwenye Revisions za WordPress, yanakohifadhiwa matoleo ya zamani ya makala, irudishe aya hiyo na nyingine yoyote isiyokuwamo kwenye video, uiweke baada ya maandishi ya video chini ya kichwa chake. Yanayojirudia kweli yaache yalipo.

Na wakati uko humo, fremu ya video iwe na `loading="lazy"` kama iko chini kiasi, na uitengee nafasi kwa `aspect-ratio: 16/9`, vinginevyo maandishi yanaruka video inapofika na msomaji anapoteza mstari. Plagini ya kitufe iondoe.

FundiSpoku

Narudi na mrejesho, samahani kwa kimya. Nilifanya yote isipokuwa ukurasa wa pili. Nilipokagua kwa "Test live URL" kabla ya kusubiri chochote, "usiitoe kabisa" ilikuwamo, na mabano ya sauti yamo. "Breki mpya zinapiga kelele" ndiyo iliyotangulia kurudi. "Zinapiga kelele" imerudi, iko chini ya ilipokuwa zamani lakini inaonekana. "Zinalia nikifunga" bado, na sijui kama itarudi. Picha ya video haipo na ripoti inaandika maneno yaleyale uliyosema.

Maandishi ghafi yalikuwa maneno kama 700. Yaliyosafishwa yamebaki kama 520 hata baada ya kuongeza majina ya vifaa. Kumbe nilikuwa nasema "haya sasa" kupita kiasi.

MhaririWaZamu

Hiyo ya "zinalia" mimi nisingeilazimisha. Je, neno hilo lilikuwamo kwenye maandishi ya zamani?

FundiSpoku

Lilikuwa kwenye kichwa kidogo, "Breki inalia ukifunga ghafla". Kwenye video sikulisema.

MhaririWaZamu

Kama ni hali tofauti na kelele za kawaida, irudishe na maelezo yake. Kama ni jambo lilelile kwa jina jingine, litaje mara moja kwenye aya ya raba mpya, inatosha.

FundiSpoku

Ni tofauti. Mara nyingi ya ghafla ni mkono wa breki uliolegea. Naiandika leo.

SomaMidomo

Nimesoma ukurasa. Ni mzuri. Ila kwenye dakika 4:10 unaacha kuongea, unageuka na kuangalia gurudumu la nyuma, na maandishi yako hayasemi chochote. Kuna sauti hapo?

FundiSpoku

Ipo. Rimu iligusa raba upande mmoja, ikakwaruza. Naongeza mabano.